Nani Airudishe Kumbukumbu? Jibu la Rust

Mnamo Februari 2020 wahandisi wa Discord, mtandao wa mazungumzo unaopendwa sana na wacheza gemu, walieleza hadharani kero iliyokuwa imewasumbua. Walikuwa na programu moja yenye kazi ya kukumbuka kila mtumiaji ameishia kusoma wapi katika kila chumba cha maongezi. Iliguswa kila mtu alipofungua Discord, alipotuma ujumbe na alipousoma. Kwa kawaida ilijibu upesi mno. Lakini kila baada ya dakika 2 hivi ilikwama, majibu yakachelewa, kisha ikarudi katika mwendo wake kana kwamba hapakuwa na kitu.

Programu hiyo ilikuwa imeandikwa kwa Go, lugha yenye mzoa taka: sehemu ya mfumo inayopita ndani ya programu wakati inaendelea kufanya kazi, ikitafuta kumbukumbu ambayo haihitajiwi tena ili irudishwe. Go huhakikisha mzoaji anapita angalau mara moja kila dakika 2, hata kama taka ni chache. Na hapa zilikuwa chache kweli, kwa kuwa waandishi walikuwa makini. Kumbe kilichokula muda si uzoaji wenyewe bali upekuzi. Programu ilitunza mamilioni ya taarifa za watumiaji, na mzoaji hakuweza kusema kipi ni taka mpaka azipitie zote na kuona kwamba bado zinatumika. Walipopunguza idadi ya taarifa zinazotunzwa, mkwamo ulipungua, lakini maombi mengi zaidi yakalazimika kwenda hadi kwenye hifadhidata, na huko ni mbali. Mwishowe wakaiandika upya kwa Rust, na ile mikwamo ikatoweka. Katika Rust hakuna anayepita kupekua. Taarifa ikiondolewa kwenye orodha, kumbukumbu yake inarudi papo hapo.

Sasa Rust inajuaje kwamba ni salama kuirudisha wakati huo, ikiwa haijakagua kama kuna mwingine bado anaitumia?

Tuanze na kumbukumbu yenyewe. Programu inapohitaji mahali pa kuweka kitu ambacho ukubwa wake unaweza kubadilika, mathalani jina la mtu au orodha ya bei, huomba nafasi kwa mgawaji: nipe baiti 16. Mgawaji hujibu kwa anwani, yaani namba inayosema nafasi hiyo inaanzia wapi. Programu ikishamaliza, inatakiwa kuirudisha nafasi ili apewe mwingine. Isiporudisha, inavimba polepole mpaka mashine inaelemewa. Ikirudisha mara mbili, daftari la mgawaji linavurugika, na anaweza kuwapa watu wawili nafasi ileile. Ikirudisha mapema mno na kuendelea kuitumia, inasoma au kuandika juu ya mali ya mwingine. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, na ndilo tutakalokaa nalo.

Katika lugha ya C mwandishi huomba kwa `malloc` na kurudisha kwa `free`, na mwenye jukumu la kujua lini ni yeye na kichwa chake. Java, Python na Go zimemwondolea mzigo huo kwa kumweka mzoa taka, wazo lililotokana na kazi ya John McCarthy kwenye lugha ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950. Mzoaji ni salama. Bei yake ni muda, kumbukumbu ya ziada, na kutojua hasa atapita saa ngapi.

Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006 kama kazi yake binafsi na baadaye kulelewa na Mozilla, haikuzaliwa ikiwa na jibu hili tunaloliona leo. Watu wengi hawajui kwamba Rust ya mwanzo ilikuwa na vielekezi vyake vya aina ya mzoa taka, vikiandikwa kwa alama ya `@`. Viliondolewa kabla ya toleo la 1.0 la tarehe 15 Mei 2015, baada ya waundaji kuona kwamba kanuni za umiliki na uazimaji zinatosha kubeba kazi kubwa bila vyenyewe. Nadhani ni vizuri kulikumbuka hilo, kwa sababu kanuni hizi mara nyingi huelezwa kana kwamba zilishushwa zikiwa kamili.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: kila kitu kina mmiliki mmoja, na mmiliki huyo ni jina ndani ya programu. Jina linapofika mwisho wa mabano yake, yaani pale alama `}` inapofunga sehemu lilimozaliwa, kitu chake kinarudishwa kwa mgawaji. Hakuna anayeandika `free`. Kompaila, programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya mashine, ndiyo inayoingiza agizo la kurudisha mahali hapo. Tazama mistari hii:

```rust
let barua = String::from("Habari za Mwanza");
let nyingine = barua;
println!("{}", barua);
```

Maandishi yale yana baiti 16, nayo yamewekwa kwenye nafasi iliyoombwa kwa mgawaji. Jina `barua` lenyewe halibebi maandishi. Linabeba namba tatu tu: anwani ya mahali yalipo, urefu wake, na ukubwa wa nafasi iliyotengwa. Kwenye mashine ya biti 64 hizo tatu ni baiti 24. Mstari wa pili unanakili baiti hizo 24 kwenda kwa `nyingine`, lakini maandishi hayasogei. Sasa majina mawili yanaelekeza mahali pamoja, na kama yote mawili yangehesabiwa kuwa wamiliki, mwisho wa mabano nafasi ileile ingerudishwa mara mbili.

Kwa hiyo Rust husema umiliki umehama. Kuanzia mstari wa pili `barua` si mmiliki wa chochote, na mstari wa tatu unakataliwa na kompaila kwa kosa E0382, `borrow of moved value`. Programu haianzi hata kukimbia. Kwa namba za kawaida kama umri au idadi hakuna kuhama, zinanakiliwa tu, kwa sababu hazina nafasi ya nje inayosubiri kurudishwa.

Kanuni hii peke yake ingeweza kuendesha programu nzima, ila ingekuwa taabu tupu. Kila funksheni inayotaka tu kusoma jina la mteja ingelazimika kukabidhiwa umiliki na kisha kuurudisha. Ndiyo maana kuna kuazima. Ukiandika `&barua` unampa mwingine anwani bila kumpa umiliki: anasoma, anamaliza, na hana jukumu la kurudisha nafasi kwa mgawaji. Ukiandika `&mut barua` unamwazima pamoja na ruhusa ya kubadilisha. Maazimo yana masharti mawili. Kwanza, azimo lisiishi kuliko mmiliki. Hilo mtu analielewa mara moja, maana mmiliki akiondoka nafasi inarudi kwa mgawaji, na mwenye anwani anabaki ameshika anwani ya kitu kisichokuwepo. Sharti la pili ndilo linalowakera wanaoanza: kwa wakati mmoja wanaweza kuwepo wasomaji wengi wa kitu, au mbadilishaji mmoja peke yake, lakini si msomaji na mbadilishaji pamoja.

Wengi hulichukulia sharti hili la pili kuwa ni la kuzuia nyuzi mbili za programu zisigongane zinapofanya kazi sambamba. Linazuia hilo pia. Lakini hata katika programu yenye uzi mmoja, inayotembea mstari baada ya mstari, sharti hili ni la lazima, na sababu yake ni ileile ya kurudisha kumbukumbu. Nitaonyesha kwa mfano mmoja:

```rust
fn main() {
    let mut majina = vec![
        String::from("Asha"),
        String::from("Juma"),
        String::from("Neema"),
    ];
    let wa_kwanza = &majina[0];
    majina.push(String::from("Baraka"));
    println!("{}", wa_kwanza);
}
```

Mtu asiyeijua Rust ataona hapa kitu cha kawaida kabisa. Kuna orodha ya majina matatu. Tunashika la kwanza ili tulisome baadaye. Tunaongeza jina la nne mwishoni. Tunachapa lile la kwanza. Asha hajaguswa, hajafutwa, hajabadilishwa. Kompaila inakataa:

```
error[E0502]: cannot borrow `majina` as mutable because it is also borrowed as immutable
```

Chini ya ujumbe huo inaonyesha sehemu tatu: pale azimo la kusoma lilipoanza, pale `push` ilipotaka azimo la kubadilisha, na pale azimo la kwanza linapokuja kutumika tena. Kwa nini ijali?

Jibu limo ndani ya `push`. Orodha ya vitu vitatu iliyotengenezwa kwa `vec!` imetengewa nafasi ya vitu vitatu. Kila jina lina zile baiti 24, hivyo orodha imekaa kwenye nafasi ya baiti 72, nayo imejaa. Jina la nne halina pa kukaa. Orodha inamwomba mgawaji nafasi kubwa zaidi. Kwa kawaida Rust hukuza mara mbili, hivyo ni nafasi ya vitu sita, baiti 144. Mgawaji akiwa na upenyo pembeni anaweza kuitanua nafasi palepale ilipo. Asipokuwa nao, anatoa nafasi mpya sehemu nyingine, yale matatu yananakiliwa huko, na ile ya zamani inarudishwa. Hiyo ndiyo nukta ya mfano mzima: ndani ya kitendo kinachoitwa kuongeza kulikuwa na kurudisha kumbukumbu, na mwandishi hakukuona.

Tuseme sasa mkaguzi wa maazimo hayupo. `wa_kwanza` bado ameshika anwani ya baiti 24 za mwanzo za ile nafasi ya zamani. Ni kama mtu aliyeandikiwa kwenye karatasi anwani ya nyumba, nyumba ikahamishwa na kiwanja akapewa mwingine: karatasi haikubadilika hata herufi moja, na bado itampeleka kwa watu asiowajua. Kama kiwanja bado hakijajengwa, baiti za zamani huenda zingali pale na programu ikachapa "Asha" bila matatizo. Kama sehemu nyingine ya programu imeshapewa nafasi ile, baiti ambazo zilikuwa anwani, urefu na ukubwa sasa ni vitu vingine kabisa, labda namba ya simu ya mteja au kipande cha picha. Programu itazichukua kama anwani na kwenda kusoma huko zinakoelekeza. Na akitokea mtu wa nje anayeweza kuchagua ni data gani ikae kwenye nafasi ile, yeye ndiye atakayeiamulia programu isome wapi.

Kosa hili lina tabia ya kujificha, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Katika C++, ambako orodha ya `std::vector` hukua kwa namna inayofanana na hii, mistari kama ile inakubaliwa na kompaila. Ikiwa orodha ilikuwa imetengewa nafasi ya vitu vinne tangu mwanzo, `push_back` haihamishi chochote na kila jaribio linafaulu. Kosa linajitokeza siku orodha inapojaa mahali pasipotarajiwa, kwenye mashine ya mteja, pengine kwa kuchapa herufi za ajabu badala ya jina, pengine kwa kuzimika ghafla mahali ambapo hapahusiani na orodha. Wenye uzoefu hutumia zana kama AddressSanitizer, ambayo huweka alama kwenye nafasi zilizorudishwa na kupiga kelele `heap-use-after-free` mtu akizigusa. Ni zana nzuri sana. Lakini huona tu njia ambayo programu imeipitia wakati wa jaribio, na njia zisizojaribiwa hubaki gizani.

Waundaji wa kivinjari cha Chromium, ambacho sehemu kubwa yake ni C++, walipochambua makosa yao makubwa ya usalama walikuta takriban asilimia 70 ni ya kumbukumbu, na nusu ya hayo ni ya kutumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Hao ni waandishi waliobobea, wenye zana zote. Mimi hukataa hoja kwamba mtu makini hahitaji mkaguzi. Kwenye mfano wetu umakini ungekusaidia nini, ikiwa kitendo kinachorudisha kumbukumbu kinaitwa `push` na hukifanyi mara zote?

Mkaguzi wa Rust hajui kwamba `push` huhamisha vitu. Hasomi hata ndani yake. Anaona tu kwamba `push` inaomba ruhusa ya kubadilisha orodha, na anachukulia kuwa mwenye ruhusa hiyo anaweza kufanya lolote, pamoja na kurudisha nafasi. Kwa kuwa kuna msomaji ambaye bado hajamaliza, anakataa. Ni ukali wa jumla, na mara nyingine hukataa hata programu ambayo isingekuwa na kosa lolote. Lakini ukali huo unafanya ukaguzi wote umalizike kabla programu haijaanza, hivyo mashine hailipi kitu wakati wa kazi. Karibu hailipi, niseme. Umiliki ukihama ndani ya tawi moja la `if` na usihame kwenye lingine, kompaila inaweza kuweka alama ndogo ya kukumbuka kama bado kuna cha kurudisha.

Dawa ya mfano wetu ni rahisi: chapa kwanza, ongeza baadaye. Mkaguzi huhesabu azimo kuwa limekwisha pale linapotumika mara ya mwisho, kwa hiyo mistari miwili ya mwisho ikibadilishana nafasi programu inapita. Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya toleo la 1.31 la Desemba 2018, azimo lililopewa jina lilishikiliwa mpaka mwisho wa mabano hata kama halina kazi tena, na malalamiko mengi ya zamani kuhusu ukali wa Rust yanatoka enzi hizo. Njia nyingine ni `majina[0].clone()`, inayokupa jina jipya lenye maandishi yake na umiliki wake. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni aibu. Kunakili herufi nne si aibu. Kunakili orodha ya watu milioni ndani ya kitanzi ndiko kunakostahili kufikiriwa mara mbili.

Kwa kuwa mkaguzi hasomi ndani ya funksheni zinazoitwa, wakati mwingine sahihi ya funksheni lazima imweleze uhusiano wa maazimo. Hapo ndipo zinapoonekana zile alama zinazowatisha wageni:

```rust
fn refu<'a>(x: &'a str, y: &'a str) -> &'a str
```

Funksheni hii inapokea maandishi mawili ya kuazima na kurudisha moja kati ya hayo. Alama `'a` inasema jibu lisitumike baada ya yeyote kati ya hao wawili kumalizika, maana huwezi kujua limetoka kwa nani. Haimrefushii mtu uhai. Inaeleza tu uhusiano uliopo, na anayeivunja anakataliwa.

Mipaka ipo, tena si midogo. Rust inaahidi kwamba kumbukumbu haitatumika baada ya kurudishwa. Haiahidi kwamba yote itarudishwa. Kitu kinapohitaji wamiliki wengi kweli, hutumika `Rc`, kifungashio chenye hesabu: kila mmiliki mpya anaongeza moja, kila anayeondoka anapunguza moja, na ikifika sifuri nafasi inarudi. Vitu viwili vikimilikiana kwa njia hiyo, kila kimoja kinamshikilia mwenzake na hesabu haifiki sifuri kamwe. Kumbukumbu inavuja na kompaila haina neno, kwa kuwa kuvuja hakumfanyi mtu asome mali ya mwingine. Tena mambo mengine hayawezekani ndani ya kanuni hizi. `Vec` yenyewe, ile orodha yetu, imejengwa kwa sehemu zilizowekwa ndani ya `unsafe`, ambamo mwandishi anaruhusiwa kugusa anwani tupu na kubeba dhamana yeye mwenyewe. Faida ni kwamba kosa la kumbukumbu likitokea unajua pa kuanzia kutafuta: kwenye vipande hivyo na kuta zinazovizunguka.

Mpaka ninaouona wa kuvutia zaidi uko kwenye vitu vinavyoelekezana huku na huku, kama ramani ya barabara au ukoo. Umiliki wa mtu mmoja hauelezi vizuri nani anammiliki nani kati ya majirani wawili. Waandishi wengi huweka vituo vyote kwenye orodha moja, kisha kila kituo kinamtaja jirani kwa namba ya nafasi yake badala ya anwani. Mkaguzi anaridhika, kwa sababu namba si azimo. Lakini kituo namba 7 kikifutwa na nafasi yake akapewa kituo kipya, wote waliokuwa wakiitaja 7 sasa wanafika kwa mgeni, kama vile mkaguzi hakuwepo. Kumbukumbu haijavunjwa, kwa maana bado unasoma kituo halali cha programu yako, ila si kile ulichokitaka, na kompaila haiwezi kukuambia. Ndiyo maana maktaba kama `slotmap` huambatanisha na kila namba hesabu ya kizazi. Nafasi ikitolewa upya kizazi kinapanda, na anayekuja na namba 7 ya kizazi cha zamani anapewa `None`.